Kibali cha mtoto kikiisha China kwa kuchelewa kwa ofisi: Jinsi ya kuomba msamaha wa faini

Tuseme ni Septemba 5, saa moja asubuhi Dar es Salaam, saa sita mchana China. Mama anapokea ujumbe wa binti yake anayesomea udaktari huko: “Mama, kibali changu cha ukaazi kiliisha Agosti 31. Chuo kimenipa barua jana. Naogopa kwenda polisi.”

Hofu yake ina msingi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inataka mgeni aombe kuongezewa kibali cha ukaazi siku 30 kabla hakijaisha. Kwa binti huyu, ombi lilipaswa kufika polisi ifikapo Agosti 1. Ombi likipokelewa, hupewa stakabadhi inayomruhusu kubaki kihalali akisubiri majibu. Lakini hawezi kuomba bila barua ya chuo, na aliyepaswa kuisaini alikuwa likizo.

Anayezidisha muda hupewa onyo. Kosa likionekana kuwa zito, hutozwa faini ya yuan 500 kwa kila siku, isiyozidi yuan 10,000, au huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Kwa siku tano za binti huyu, faini inaweza kufika yuan 2,500. Akikaa kimya wiki mbili zaidi, inakaribia kikomo, na kimya hicho hakitakuwa tena kosa la ofisi.

Kwa hiyo jibu la mama ni moja: nenda leo. Akimaliza kuzungumza na chuo, aende kitengo cha uhamiaji cha polisi wa mji anaoishi, kabla hajakamatwa kwenye ukaguzi au kukwama uwanja wa ndege. Akihitaji maelekezo, namba 12367 ya uhamiaji wa China hupokewa saa 24, kwa Kichina na Kiingereza.

Msingi wa ombi lake uko katika sheria ya adhabu za kiutawala iliyorekebishwa mwaka 2021. Kifungu cha 33 kinasema kosa dogo lililorekebishwa mapema bila kuleta madhara haliadhibiwi. Kinaongeza kwamba mtu mwenye ushahidi wa kutosha kuwa hakuwa na kosa, naye haadhibiwi. Neno la kushika hapo ni ushahidi. Kulia mbele ya ofisa hakutoshi.

Binti huyu aliwasilisha fomu zake chuoni Julai 20, siku 12 kabla ya mwisho wa kuomba. Anazo picha za ujumbe alioutuma ofisi ya wanafunzi wa kigeni, zenye tarehe, akiuliza barua imefikia wapi. Kilichobaki ni barua ya pili ya chuo, kwa Kichina na yenye muhuri mwekundu wa chuo, ikisema fomu zilipokelewa lini, barua ilitoka lini na kwamba ucheleweshaji ulikuwa wa ofisi. Barua inayosema tu kuwa ni mwanafunzi mzuri haimsaidii.

Ombi lenyewe liwe ukurasa mmoja: jina, namba ya pasipoti, tarehe kibali kilipoisha, alichofanya kila siku, kisha aombe asiadhibiwe, na ikishindikana, apewe onyo badala ya faini.

Polisi watamhoji na kuandika maelezo yake. Asisaini asichokielewa, aombe mkalimani. Kabla ya kutoa adhabu, wanapaswa kumweleza kosa na sababu, na yeye ana haki ya kujitetea. Sheria inakataza kumwongezea adhabu kwa kuwa amejitetea. Ndiyo maana vielelezo viwe mkononi siku hiyohiyo.

Utetezi huu una mipaka. Kama fomu zilifika chuoni mwishoni mwa Agosti, au barua ilizuiwa kwa sababu ada haijalipwa, ofisa ataona kosa liko upande wa mwanafunzi. Hapo mzazi ajiandae kulipa.

Hata mwenye ushahidi anaweza kuambiwa kufuatilia kibali ni jukumu lake. Akitozwa, hati ya uamuzi humwelekeza alipe benki ndani ya siku 15, na humwonyesha pa kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 60. Aitunze pamoja na risiti, kwani huenda akaulizwa atakapoomba viza nyingine.

Mama anayesoma haya mapema ana kazi ndogo zaidi: aandike kwenye simu yake tarehe ya kuisha kwa kibali cha mwanawe, arudi nyuma miezi miwili, na siku hiyo amuulize, “Fomu umepeleka chuoni? Nani amezipokea?”