Ctrl Irudi Kando ya A

Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981, ilikuja na kibodi ambayo Ctrl ilikaa kushoto kwa herufi A, pale kidole kidogo kinapofika bila taabu. Miaka mitano baadaye kampuni hiyohiyo ikaleta kibodi ya vitufe 101 kwa kompyuta zake. Ctrl ikasukumwa hadi pembeni chini, nafasi yake ikapewa Caps Lock. Wengine wakaiga, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Waandishi wa programu, ambao hushinda wakibonyeza Ctrl, hawajaacha kulalamika. Wana haki: ni nani huyo anayeandika kwa herufi kubwa kutwa nzima?

Dawa ipo, kwa sababu kitufe hakitumi herufi. Kibodi hupeleka ishara ya kitufe kilichobonyezwa, kisha kompyuta ndiyo inayoamua maana yake. Basi inatosha kubadilisha maana hiyo. Kwenye Linux inayotumia X11, amri ni hii:

```
setxkbmap -option ctrl:swapcaps
```

Papo hapo vitufe viwili hivyo hubadilishana kazi. Mwenye Mac hufanya hivyo kwenye mipangilio ya kibodi, na wa Windows anaweza kutumia PowerToys, programu ya bure ya Microsoft.

Lakini mabadiliko hayo yanaishi ndani ya kompyuta. Amri ile ya Linux hupotea mtu akitoka kwenye akaunti yake, asipoiweka ijiendeshe kila anapoingia. PowerToys nayo haifanyi kazi kwenye skrini ya kuandikia nywila. Na ukikalia kompyuta ya mwenzako, Ctrl iko palepale pembeni.

Ndiyo maana wengine hununua kibodi zenye kumbukumbu yake. Ndani mna chipu inayoendesha programu kama QMK, na mpangilio wa mwenyewe huhifadhiwa humohumo. Kitufe kilichoandikwa Caps Lock hutuma ishara ya Ctrl tangu mwanzo, na kompyuta haijui kama kuna lililobadilishwa. Ichomeke popote, itafanya vilevile, hata kabla Windows haijawaka.

Hata hivyo, kibodi hiyo bado inatuma ishara, si herufi. Kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kifaransa, kitufe cha Q kitaandika A, kumbukumbu au pasipo kumbukumbu.

Kuna na mtego mmoja unaowasumbua wengi: kubadilisha pande zote mbili. Kibodi inageuza Caps Lock kuwa Ctrl, Linux inaipokea Ctrl na kuigeuza tena kuwa Caps Lock, na mtu anadhani kibodi mpya ni mbovu. Chomeka kibodi ya kawaida ujaribu. Ikiwa nayo vitufe vimebadilishana, kompyuta bado ina agizo la zamani. Lifute, uache kibodi ifanye kazi yake. Na kwa anayetumia kompyuta moja tu, kununua kibodi ya namna hii kwa ajili ya Ctrl peke yake ni kupoteza pesa.