Je, Wajua? Elektroni za Suksineti Huchelewa Kuingia

Katika mitokondria, mvuto wa kila kibeba elektroni hupimwa kwa volti. Katika pH 7, NADH iko −0.32, ubikwinoni karibu +0.05, saitokromu c +0.25, na oksijeni, ya mwisho, +0.82. Elektroni zikiachwa zenyewe hufuata mvuto mkubwa zaidi, kama maji yafuatavyo mteremko. Ndiyo maana zamu ya vibeba hivi haibadiliki. Suksineti, yenye +0.03, haiwezi kuzipandisha elektroni zake hadi NAD⁺, hivyo huzipitisha kwa FAD hadi ubikwinoni. Kwa kuikosa hatua ya kwanza, ile ya NADH hadi ubikwinoni, huzalisha ATP 1.5 hivi badala ya 2.5 za NADH. Kuzirudisha elektroni nyuma kunawezekana, ila utando wa mitokondria lazima ugharimie nishati ya kuzisukuma.