Kichwa cha Habari Kinachojipima Chenyewe

Chukua kichwa hiki cha habari: "Mafuriko yaliyowasababishia wakulima hasara yapungua." Kwenye kompyuta ya mezani kinapendeza kikiandikwa kwa herufi kubwa, tuseme za pikseli 52. Sasa kifungue kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 bila kubadili ukubwa huo. Neno "yaliyowasababishia" peke yake lina herufi 18. Katika mwandiko mnene wa kawaida kila herufi hula wastani wa zaidi kidogo ya nusu ya ukubwa wa maandishi, hivyo neno hilo moja linahitaji takriban pikseli 515. Simu haina nafasi hiyo. Neno linatoka nje ya ukingo, na msomaji analazimika kuusukuma ukurasa kushoto na kulia ili alimalize.

Pikseli zinazotajwa hapa ni za hesabu ya kivinjari. Nukta halisi za kioo cha simu huwa nyingi zaidi, lakini mtengenezaji wa tovuti hupanga kazi yake kwa hesabu ya kivinjari. Kwa hesabu hiyo simu nyingi zina upana wa kati ya 360 na 430, na kompyuta nyingi za mapajani huanzia 1280 kwenda juu. Kichwa kimoja cha habari kinatakiwa kisomeke vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho wa safari hiyo.

Suluhisho la kwanza lililoenea lilitokana na makala ya mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, iliyotoka Mei 2010 katika jarida la mtandaoni la A List Apart. Alionyesha jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kulingana na upana wa skrini, badala ya kutengeneza tovuti mbili, moja ya simu na nyingine ya kompyuta. Katika CSS, lugha inayopanga sura ya kurasa za wavuti, mtengenezaji aliandika masharti: skrini ikifika pikseli 768, herufi za kichwa ziwe 52, ikiwa chini ya hapo, ziwe 28.

Masharti hayo yalisaidia sana, lakini yaliacha mruko. Kwenye pikseli 767 kichwa ni kidogo, na pikseli moja mbele kinakaribia kuwa maradufu. Wenye tableti na simu zilizolazwa upande ndio walioumia, kwa kuwa skrini zao huangukia karibu na mpaka huo: ama kichwa kinaonekana kimedumaa, ama kinajaza nusu ya skrini. Ukiongeza masharti ya katikati, mruko unapungua ukubwa lakini unaongezeka idadi, na kila sharti ni mstari mwingine wa kutunza.

Kati ya Desemba 2019 na Aprili 2020 vivinjari vikuu, yaani Chrome 79, Safari 13.1 na Firefox 75, vilikamilisha kupokea amri iitwayo `clamp()`. Amri hii hupewa thamani tatu: ndogo kabisa, inayotakiwa, na kubwa kabisa. Ya kwanza ni sakafu, ya tatu ni dari, na ile ya kati iko huru kupanda na kushuka ilimradi isitoboe sakafu wala dari. Kwa kichwa chetu cha mafuriko, msimbo wote ni huu:

```css
h1 {
  font-size: clamp(1.75rem, 1rem + 3vw, 3.25rem);
  line-height: 1.15;
}
```

Vipimo viwili vinahitaji maelezo. `rem` moja ni ukubwa wa msingi wa maandishi katika kivinjari, ambao kwa kawaida ni pikseli 16. Kwa hiyo `1.75rem` ni pikseli 28, na `3.25rem` ni pikseli 52. `vw` moja ni asilimia moja ya upana wa dirisha la kivinjari. Dirisha likiwa na upana wa pikseli 800, `3vw` ni pikseli 24. Ukiongeza `1rem` unapata 40. Hapo kichwa ni kikubwa kuliko cha simu na kidogo kuliko cha kompyuta, na hakuna sharti lililoandikwa kwa ajili ya pikseli 800.

Fuata namba hizo kwenye skrini mbalimbali. Simu ya 360 ingetoa 26.8, lakini sakafu inazuia na kichwa kinabaki 28. Kwenye dirisha la 600 kinafika 34. Kwenye 1200 kinagusa dari ya 52, na kwenye kompyuta ya 1366, ambako hesabu ya kati ingetoa karibu 57, dari inakishikilia palepale. Ukilivuta dirisha taratibu kwa kipanya, utaona herufi zikikua bila kushtuka.

Namba hizi hazikuokotwa. Sakafu imetokana na neno refu kuliko yote. Kwa herufi za pikseli 28, "yaliyowasababishia" linachukua takriban pikseli 277. Hata simu ndogo ya 320, ikiondolewa nafasi ya 16 kila upande, inabakiwa na 288, na neno linaingia. Hapa ndipo tovuti ya Kiswahili inapotakiwa kujipimia yenyewe. Kiolezo kilichotengenezwa kwa vichwa vya Kiingereza vyenye maneno mafupi kinaweza kuweka sakafu ya 36 au 40 bila tatizo kuonekana, hadi siku utakapokibandika kichwa chenye kitenzi cha viambishi vingi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua sakafu, pitia vichwa vyako vya habari, tafuta neno refu kuliko yote, na ulijaribu kwenye skrini nyembamba kuliko zote unazozihudumia.

Thamani ya kati inapatikana kwa hesabu ya shule. Tumeamua kichwa kiwe 28 dirisha likiwa 400, na kiwe 52 dirisha likiwa 1200. Herufi zinaongezeka kwa 24 wakati dirisha linaongezeka kwa 800. Gawanya 24 kwa 800 upate 0.03, yaani asilimia tatu ya upana: hiyo ndiyo `3vw`. Kisha uliza, kwenye dirisha la 400, asilimia tatu ni ngapi? Ni 12. Tulitaka 28, kwa hiyo pamepungua 16, ambayo ni `1rem`. Ukibadili namba za mwanzo, njia ni ileile: tofauti ya herufi gawanya kwa tofauti ya upana, halafu ongeza kilichopungua.

Hicho kilichopungua ndicho wengi hukiacha. Wanaandika `clamp(1.75rem, 5vw, 3.25rem)`, wanaona herufi zinakua, wanaridhika. Tatizo linamfikia msomaji mwenye macho dhaifu. Anapokuza ukurasa kwenye kompyuta, kivinjari huhesabu kwamba dirisha limekuwa jembamba zaidi. Herufi zinazotegemea `vw` tupu zinapungua kwa kiwango kilekile zinachokuzwa, hivyo kwa muda mrefu anabonyeza kitufe cha kukuza na kichwa kinabaki vilevile. Sehemu ya `rem` ndiyo inayoitika. Aidha, ndiyo inayomtii msomaji aliyepandisha ukubwa wa msingi wa maandishi katika mipangilio ya kivinjari. Ukiandika sakafu na dari kwa pikseli badala ya `rem`, uamuzi wake huo unapuuzwa.

Hata hivyo, `rem` haimalizi kila kitu. Kwenye dirisha la 1280 kichwa chetu ni 52. Msomaji akikuza hadi asilimia 200, kivinjari kinahesabu dirisha la 640, thamani ya kati inatoa 35.2, na ikizidishwa mara mbili jicho linaona herufi za 70.4. Ameomba maradufu, amepata ongezeko la asilimia 35 tu. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, tangu toleo lake la mwaka 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui. Chrome na Firefox hukuza hadi asilimia 500 kwenye kompyuta. Kwenye kiwango hicho dirisha huhesabiwa kuwa jembamba na kichwa hukaa kwenye sakafu, kikiwa kimezidishwa mara tano. Ili sakafu mara tano ifikie dari mara mbili, dari isizidi sakafu mara mbili na nusu. Yetu, 52 kwa 28, haifiki hata mara mbili, kwa hiyo msomaji anaweza kuufikia ukubwa anaouhitaji. Sakafu ya 24 na dari ya 80 isingemfikisha.

Makosa mawili madogo husumbua kuliko mengine. La kwanza ni nafasi kuzunguka alama ya kujumlisha. Ukiandika `1rem+3vw` kwa kubananisha, kivinjari kinautupa mstari mzima na kichwa kinarudi kwenye ukubwa wake wa awali. Utaligundua kwa kufungua zana za watengenezaji ndani ya kivinjari: mstari huo utakuwa umekatwa kwa mstari. La pili ni kusahau agizo hili katika sehemu ya juu ya ukurasa wa HTML:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Bila agizo hilo simu nyingi hujifanya zina upana wa pikseli 980, kisha huufinya ukurasa wote uingie kwenye kioo. Hesabu yako inafanyika juu ya 980, kichwa kinatoka 45, halafu kinafinywa hadi kama 17. Ukiona ukurasa mzima umekuwa mdogo kwenye simu, anzia hapo kabla ya kugusa `clamp()`.

Mpaka wa njia hii ujulikane pia. `vw` hupima dirisha zima, haijui kichwa kimekaa wapi. Kichwa kilicho ndani ya safu nyembamba pembeni mwa ukurasa wa kompyuta kitakua kana kwamba kina skrini yote, na maneno marefu yatabanwa tena. Kwa sehemu kama hizo kuna kipimo cha `cqi`, kinachopima upana wa kisanduku kilichobeba kichwa. Kisanduku hicho kipewe kwanza agizo la `container-type: inline-size`. Vivinjari vyote vikuu vimekipokea tangu Februari 2023.

Kwa hiyo unapotengeneza tovuti au kumlipa mtu akutengenezee, usikubali kazi kwa kuitazama kwenye kompyuta ya fundi pekee. Weka kichwa chenye neno refu kuliko yote uliyonayo, kifungue kwenye dirisha la pikseli 320, kisha livute dirisha hadi mwisho. Rudi, kuza ukurasa hadi herufi zifike maradufu, na mwisho pandisha ukubwa wa msingi wa maandishi katika mipangilio ya kivinjari. Neno likivuka ukingo, rekebisha sakafu. Herufi zikigoma kukua, rekebisha `rem` au shusha dari. Yote hayo yakipita, kazi hiyo ipokee.