"Umechomekea?"

Video ya kufundisha familia kulala ndani ya chandarua chenye dawa haihitaji studio. Simu moja inatosha, pamoja na kitanda cha futi nne kwa sita, mama, watoto wawili na bibi mwenye sauti ya kusikika. Kazi kubwa ni kuamua neno gani lisemwe. Watengenezaji wengi huzijaza dakika tano kwa maagizo kumi, na mtazamaji akizima simu hana hata moja kichwani. Afadhali neno liwe moja, tena liwe swali, maana swali humfanya mtu anyooshe mkono akague: "Umechomekea?"

Kuchomekea kunastahili nafasi hiyo kwa sababu ya tabia ya mbu anayeeneza malaria. Anofelesi jike hutafuta damu usiku, na hawindi kwa pupa. Huzungukazunguka chandarua hadi apate upenyo. Akitua kwenye nyuzi hukutana na dawa. Tatizo ni kwamba mbu wa sehemu nyingi wamekuwa sugu kwa dawa iliyotumika miaka mingi. Ndiyo maana vyandarua vya dawa mbili vikajaribiwa wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba aina moja ilipunguza malaria kwa watoto kwa karibu asilimia 44 katika miaka miwili, ikilinganishwa na vyandarua vya kawaida. Hata hivyo, pindo likiachwa linaning'inia, mbu huingia bila kugusa uzi wowote, na hapo ubora wa dawa hausaidii kitu.

Onyesho la kwanza ni la mchana. Chandarua kipya kinatolewa kwenye mfuko wake na kutandazwa kivulini kwa saa 24, ili kisije kikawasha ngozi na macho usiku wa kwanza. Kisha kamba nne zinafungwa kwenye misumari ukutani. Kamera ishuke hadi chini ya godoro: pindo lifike huko na libaki la kukunja. Likiishia ukingoni mwa kitanda, kamba zimefungwa juu mno, zilegezwe.

Jioni mama anawapandisha watoto, anashusha chandarua, anasukuma pindo chini ya godoro kwa kiganja, kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu upande wa pili. Bibi anauliza kutoka sebuleni, "Umechomekea?" Watoto wanaolala mkekani nao wawemo, maana nyumba nyingi ndivyo zilivyo. Pindo lao huingia chini ya mkeka, mzunguko mzima.

Hapa kuna kosa ambalo video nyingi hulipita. Mtoto amelala pembeni, mkono umeegemea chandarua. Mbu anaweza kumuuma kupitia matundu yale yale madogo. Asogezwe katikati, na chandarua kivutwe kidogo nje kabla ya kuchomekwa ili kisilegee juu yake.

Onyesho lenye thamani kuliko yote ni la saa nane usiku. Baba anaamka kwenda msalani. Anafungua upande wake, anatoka, anarudi na usingizi, anajitupa kitandani. Ule upande umebaki wazi hadi asubuhi, na waliolala karibu naye wako wazi pia. Lipigwe usiku kweli, kwa mwanga wa tochi ya simu, maana likiigizwa mchana pazia likiwa limefungwa mtazamaji ataona ni maigizo. Sauti ya bibi inasikika kutoka chumba cha pili, imejaa usingizi: "Umechomekea?" Baba anaguna, anamulika ndani kuona kama mbu ameingia, kisha anachomekea. Watu watacheka, na kicheko hicho kitalibakiza swali kichwani kuliko tangazo lolote.

Kufua kupewe sekunde chache tu: maji ya baridi, sabuni ya mche, bila jiki, bila kusugua kwa nguvu, na kuanika kivulini kwa sababu jua hupunguza makali ya dawa. Maji ya kufulia yamwagwe chooni au shimoni, kamwe yasimwagwe mtoni au bwawani, kwani dawa hiyo huua samaki. Chandarua kinachofuliwa mara nyingi huchoka haraka. Vingi vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi na kudumu kama miaka mitatu. Tundu likitokea lishonwe siku hiyo hiyo. Asubuhi kikunjwe na kufungwa juu, mbali na kibatari na mkono wa mtoto mchezaji.

Na kwa kuwa hakuna chandarua kinachomfuata mtu barazani saa mbili usiku, mtoto akishikwa na homa apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24, hata kama nyumba nzima huchomekea kila siku.