Gari la Kukodi Linapovuka Namanga

Mgeni anayekodi gari Nairobi ili ajiendeshe mwenyewe hadi Arusha huuliza kwanza bei ya siku. Kitakachomgharimu zaidi kimo kwenye kifungu cha bima.

Gari linaweza kuwa na bima kubwa, na bado mteja akabaki na sehemu ya hasara. Mkataba hutaja kiasi atakachokibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Tuseme ni shilingi 100,000 za Kenya. Ukigonga nguzo na matengenezo yakafika 60,000, unalipa zote. Yakifika 400,000, unalipa 100,000 na bima inamaliza zilizobaki. Ndiyo maana kampuni nyingi huzuia fedha kwenye kadi yako ya benki siku unapochukua gari. Zipo zinazokubali nyongeza ya kila siku ili kiasi hicho kishuke, lakini uliza kisichohusika. Mara nyingi ni matairi, vioo na uvungu wa gari, yaani vile vinavyoumia kwanza kwenye barabara za mbugani.

Kinga hiyo ina eneo lake. Mkataba ukisema gari litumike Kenya pekee, nawe ukavuka kimyakimya na kupinduka Longido, zile 400,000 zote zinaweza kuwa zako. Ruhusa iwe ya maandishi: barua ya mwenye gari yenye namba ya gari, jina la dereva na tarehe za safari. Namanga, forodha hutoa kibali cha muda cha kuingiza gari, na kibali hicho kina tarehe ya mwisho.

Hapo pia utaombwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua. Wengi wakishaipata hudhani wamemaliza. Kazi yake ya msingi ni kulipia madhara unayowasababishia wengine. Bati la gari ulilokodi ni habari nyingine. Kwa hilo, mwenye gari anapaswa kuiomba kampuni yake ya bima ipanue kinga hadi Tanzania. Dai kuiona hati hiyo kabla ya kuondoka Nairobi.

Kilomita nazo zina mtego wake. Nairobi hadi Arusha ni kama kilomita 270. Kikomo kikiwa 200 kwa siku, umezidisha 70, na kwa shilingi 30 kila moja unadaiwa 2,100. Kesho yake gari likilala hotelini, deni hilo linafutika tu iwapo mkataba unajumlisha kilomita za safari nzima. Ukihesabu siku moja moja, unalipa. Omba neno hilo liandikwe wazi.

Kuhusu mafuta, utaratibu ulio salama ni kulichukua gari likiwa na tangi lililojaa na kulirudisha vivyo hivyo. Jaza kwenye kituo kilicho karibu na ofisi yao, tunza risiti, na upige picha moja inayoonyesha geji pamoja na kilomita kabla ya kukabidhi ufunguo.