Kodi ya Nyumba Inapogeuka Krediti

Familia nyingi za Kikongomani zilizohamia Ohio, Kentucky au Arizona zinaishi miaka kadhaa Marekani bila kudaiwa na mtu. Kodi inalipwa tarehe mosi, umeme unalipwa bili ikishafika tu. Siku baba au mama anapoomba kadi ya benki au mkopo wa gari, anaambiwa hana krediti. Wengi huudhika, na si bure, kwa kuwa walikotoka mtu asiye na deni ndiye anayeaminiwa kupewa kitu. Marekani mkopeshaji haulizi kama una deni. Anauliza kama pana mahali palipoandikwa namna unavyolipa.

Mahali penyewe ni majalada ya kampuni tatu binafsi: Equifax, Experian na TransUnion. Benki na kampuni za kadi huzipelekea taarifa za wateja wao kila mwezi, na kutokana na majalada hayo hupigwa hesabu ya alama ya krediti. Kampuni ya umeme kwa kawaida haipeleki habari kwamba umelipa kwa wakati. Mwenye nyumba mdogo, mwenye majengo mawili matatu, naye hapeleki. Lakini ukiacha bili bila kulipa, deni hukabidhiwa kampuni ya kukusanya madeni, na hiyo huweza kulipeleka, likakaa katika jalada lako hadi miaka 7. Kwa hiyo mpangaji anaweza kulipa kwa uaminifu miaka kumi bila kuandikwa lolote, kisha bili moja aliyoisahau ikawa ndiyo habari yake pekee. Mara nyingi huwa ni bili ya mwisho ya nyumba aliyohama, iliyotumwa kwenye anwani ya zamani. Kabla ya kuhangaikia kujenga krediti, hakikisha umefunga akaunti ya umeme, maji na gesi ya kila nyumba uliyowahi kuhama.

Malipo haya ya kawaida yanaweza kuingizwa jaladani, ila lazima kwanza ujue kwamba kuandikwa na kusomwa ni mambo mawili. Alama za FICO, zinazotumiwa na wakopeshaji wengi, hutaka jaladani pawe na akaunti yenye umri wa miezi sita au zaidi, na pawe na taarifa iliyopelekwa ndani ya miezi sita iliyopita. VantageScore, mshindani wake, huridhika hata na akaunti ya mwezi mmoja. Kodi ya nyumba ikishaandikwa jaladani, husomwa na VantageScore 3.0 na 4.0, na pia na FICO 9 na FICO 10. FICO 8, ambayo bado imeenea sana kwenye kadi, huiruka. Matoleo ya zamani zaidi, ambayo kwa miaka mingi ndiyo yaliyotumika kwenye mikopo ya nyumba, nayo huiruka. Wanaouza huduma za kupeleka taarifa za kodi hawana haraka ya kukueleza hili.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama mmoja wa Columbus, Ohio, anayefanya kazi kwenye ghala. Ana miezi 14 katika nyumba anayoilipia dola 1,150 kwa mwezi, na mkataba wa upangaji uko kwa jina lake. Miezi mitano ya kwanza alilipa kwa maniorda, na tangu hapo hulipa kutoka akaunti yake ya benki kupitia tovuti ya ofisi inayosimamia jengo. Simu na intaneti ziko kwa jina lake. Umeme uko kwa jina la kaka yake, aliyemsaidia kuufungua alipofika. Yeye humpa kaka pesa taslimu, kaka analipa.

Hatua yake ya kwanza ni annualcreditreport.com, tovuti ambako kila mtu anaruhusiwa kuomba nakala ya majalada yake yote matatu bila malipo. Anaambiwa hakuna jalada linalolingana naye. Jibu hilo lisiaminiwe upesi. Majalada huunganishwa kwa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hifadhi ya jamii, na watu wetu wana tatizo lao hapa: wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na majina matatu ya mtu mmoja huandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye mkataba na kwa mwingine kwenye kitambulisho. Habari zako zinaweza kugawanyika majalada mawili, au za ndugu yako zikaingia kwako. Aliyekuja kwa mpango wa wakimbizi akumbuke pia mkopo wa nauli ya ndege kutoka IOM. Baadhi ya mashirika yanayoukusanya huupeleka kwenye majalada haya, kwa hiyo mtu anayedai hajawahi kukopa huenda tayari ana mstari mmoja, mzuri au mbaya.

Mama huyu kweli hana kitu. Anafungua jalada Experian kupitia huduma yao ya bure iitwayo Experian Go, kisha anaiunganisha akaunti yake ya benki na Experian Boost, nayo ya bure, iliyoanza 2019. Boost hupitia akaunti na kutafuta malipo ya simu, umeme, intaneti na kadhalika. Bili huhesabiwa ikiwa imelipwa angalau mara tatu ndani ya miezi sita, na malipo yaliyochelewa hayaandikwi. Simu na intaneti zinaingia. Umeme hauonekani, kwa sababu hela ilitoka akaunti ya kaka. Sasa ana alama, lakini ni ya Experian peke yake. Mkopeshaji akifungua jalada la TransUnion au Equifax hatakuta lolote. Na siku atakapoitenganisha akaunti ya benki na Boost, mistari hiyo itaondoka.

Kodi kwa kawaida ina njia tofauti. Anaiuliza ofisi ya jengo kama inapeleka taarifa za wapangaji, na anaambiwa inapeleka. Majengo makubwa mengi hufanya hivyo kupitia kampuni ya kati, kwa mfano Esusu, iliyoasisiwa na vijana wawili, mmoja wao mzaliwa wa Nigeria. California imeipa jambo hili nguvu ya sheria: tangu Aprili 2025 wenye majengo makubwa ya kupangisha lazima wampe mpangaji nafasi ya kupelekewa taarifa za malipo mazuri, na ada isizidi dola 10 kwa mwezi. Ohio ni hiari ya mwenye nyumba. Kama jengo halina mpango huo, mpangaji anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye kampuni ya namna hiyo, kwa ada, na kampuni itamwomba mwenye nyumba athibitishe malipo. Baadhi huweza kurudi nyuma hadi miezi 24. Hapa ndipo maniorda zake zinapookolewa: leja ya ofisi inaonyesha kila mwezi umelipwa lini. Angekuwa anapanga kwa mtu binafsi na kumpa pesa mkononi bila risiti, miezi ile mitano ingekuwa imepotea.

Kabla ya kulipa ada yoyote, ulizia mambo mawili: taarifa zinapelekwa kampuni ipi kati ya zile tatu, na je, mwezi uliochelewa nao unaandikwa? Huduma nyingi hupeleka malipo mazuri tu. Nyingine hupeleka yote, na kwa kawaida kodi iliyochelewa siku 30 ndiyo huhesabiwa kuwa doa. Mwenye kazi ya msimu, ambaye mwezi mmoja hupata na mwingine hukosa, asijiandikishe huko. Kwa maoni yangu yeye afadhali abaki bila mstari wa kodi kuliko kuwa na mstari wenye madoa.

Baada ya miezi miwili mama anafungua tena majalada. TransUnion pana akaunti ya kodi yenye tarehe ya kuanza, kiasi cha kila mwezi na historia ya malipo tangu mwezi wa kwanza. Experian haipo, kwa kuwa huduma ya jengo lake haipeleki huko. Jina likiwa limekosewa au mwezi umeandikwa vibaya, anaandika pingamizi kwa kampuni yenyewe, na sheria ya 1970 kuhusu taarifa za mikopo kwa kawaida inaipa siku 30 kuchunguza.

Sasa ana majalada mawili yasiyofanana, na ndipo wengi hukosea. Akiomba kadi kwenye benki inayosoma TransUnion kwa FICO 8, kodi itarukwa na jibu litakuwa lile lile la mwanzo, huku ombi lenyewe likiacha alama ya kuulizwa jaladani. Akienda kwenye chama cha akiba na mikopo kinachosoma Experian, simu na intaneti zitamsemea. Kumwuliza mkopeshaji kabla ya kuomba, “Mnasoma jalada la nani, na kwa alama gani?” hakugharimu kitu. Akipata kadi ndogo yenye dhamana, mstari wake hupelekwa kote kutatu kama mtoaji wake huripoti kote, na ukifikisha miezi sita hata FICO 8 itausoma. Kodi na bili zimemfungulia mlango; nisingependa azitegemee kumfikisha mbali zaidi ya hapo.

Isipokuwa kwenye mkopo wa nyumba. Hapo kodi ina thamani kuliko inavyoonekana kwenye alama, kwa sababu anaisoma mtu. Mikopo inayodhaminiwa na serikali kupitia FHA inamruhusu asiye na alama kupimwa kwa historia ya malipo yasiyo ya mkopo: vyanzo vitatu vya miezi 12, na angalau kimoja kiwe kodi, simu, au huduma kama umeme, maji, gesi na intaneti. Kodi isiwe imechelewa hata mara moja katika miezi hiyo. Vyanzo vingine vinasamehewa kuchelewa siku 30 mara moja tu. Kama mwenye nyumba ni ndugu yako, barua yake haitoshi, lazima zionekane hundi au taarifa za benki. Fannie Mae, inayonunua mikopo ya nyumba, nayo tangu Septemba 2021 inaruhusu mfumo wake kusoma miezi 12 ya kodi kutoka taarifa za benki za mwombaji, na kodi hiyo humsaidia tu, haimwangushi. Julai 2025 msimamizi wa serikali alitangaza kwamba VantageScore 4.0 itakubaliwa kwenye mikopo inayonunuliwa na Fannie Mae na Freddie Mac.

Mama wetu ana kodi, simu na intaneti, kwa hiyo vyanzo vyake vitatu vimekamilika, lakini miezi ya maniorda iliyomo katika 12 ya mwisho itamlazimu apate uthibitisho wa maandishi kutoka ofisi ya jengo, au asubiri hadi taarifa zake za benki zifikishe miezi 12. Mimi ningemshauri asubiri, na mwezi huu huu auhamishie umeme kwa jina lake. Nawe unayesoma ukiwa na bili iliyo kwa jina la kaka, shemeji au mwanao anayejua Kiingereza, fanya hivyo kabla bili ijayo haijaja.