Tundu la Chaji Lililolegea: Lisafishwe au Libadilishwe?

Kishikwambi kisichopokea chaji mpaka waya utikiswe, upindwe upande au ukandamizwe kwa kitabu mara nyingi huwa na hitilafu moja kati ya mbili. Ya kwanza ni uchafu ulioshindiliwa ndani ya tundu la chaji, ambao huweza kuondolewa kwa kijiti cha meno kwa muda mfupi. Ya pili ni tundu lenyewe kuchakaa, au kuachia mahali lilipolehemiwa. Hiyo hudai kishikwambi kifunguliwe na kipuri kibadilishwe. Kwa kuwa dalili anayoiona mwenye kishikwambi ni ileile katika hali zote mbili, ni rahisi mlaji kulipia kazi kubwa ilhali alihitaji ndogo.

Tuchukue mfano wa mshonaji wa Morogoro anayetumia kishikwambi kuwaonyesha wateja mishono na kupokea oda. Kinakaa katika mfuko wa aproni yake, au mezani kando ya cherehani. Kwa miezi miwili amekuwa akiegemeza roli la uzi chini ya waya ili chaji isikatike. Fundi wa kwanza alikitazama kwa nje tu, akasema kuwa "sistimu chaji imekufa", naye angeibadilisha kwa shilingi 50,000. Huenda fundi huyo amesema kweli. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa na ushahidi, si yeye wala mshonaji.

Kabla ya kulishuku tundu, waya ujaribiwe. Katika vishikwambi vingi vya sasa tundu ni la aina ya USB-C, lile ambalo kichwa cha waya huingia upande wowote. Waliolibuni waliweka vibanio vinavyochakaa ndani ya kichwa cha waya, kwa makusudi, ili kinachochoka kwanza kiwe kitu cha bei nafuu. Mlaji na aazime waya mwingine ulio mzima, auchomeke katika kishikwambi. Kisha waya wake auchomeke katika simu isiyo na tatizo. Iwapo waya wake unalegea katika simu hiyo pia, shauri limekwisha: anunue waya. Mshonaji wetu alifanya hivyo, na waya wake ulishika vizuri katika simu ya jirani. Tatizo lilikuwa katika kishikwambi.

Kipimo kinachofuata ndicho chenye kusema mengi, nacho ni kina cha kichwa cha waya kinapoingia. Kwanza kava la kishikwambi livuliwe, maana kava nene huweza kuzuia kichwa cha waya kisifike mwisho, na tundu likasingiziwa bure. Kisha kichwa kichomekwe taratibu hadi kigome. Sehemu yake ya chuma ina urefu wa milimita 6 na ushei. Ikiingia ipasavyo, mkono huhisi mbano mdogo mwishoni na karibu chuma chote hufichika. Ikiwa mbano huo hauhisiwi, na chuma kinabaki nje kwa kama milimita moja zaidi ya kinavyobaki katika simu nzima, kuna kitu kilichojaa chini ya tundu. Nyuzinyuzi za nguo na vumbi huingia kidogo kidogo, na kila mara waya unapochomekwa huzishindilia ndani zaidi, hata zikawa kama kipande cha pamba kilichogandamana. Kichwa cha waya hubaki juu yake, vijistari vya umeme hugusana kwa taabu, na kutikisa waya huvikutanisha kwa muda tu.

Lakini kichwa kikiingia chote na kubana, na bado chaji inakatika, uchafu hauwi tena mshukiwa wa kwanza. Hapo mlaji amulike tundu kwa tochi huku akisogeza waya kidogo sana, juu na chini. Tundu zima likicheza ndani ya bodi kama jino linalotaka kung'oka, lehemu yake imeachia au kibao kinacholibeba kimepasuka. Ulimi mwembamba ulio katikati ya tundu ukionekana umepinda, umevunjika ncha au una ukungu wa kijani unaoletwa na unyevu, kusafisha kwa kijiti hakutasaidia. Dalili nyingine husahaulika: kishikwambi kuchaji waya ukiwa umegeuzwa upande mmoja tu. Ulimi una safu mbili za vijistari, juu na chini, na waya ule ule mzima ukikubali upande mmoja na kukataa wa pili, safu moja imeharibika au imefunikwa na uchafu.

Mshonaji alipopima, chuma kilibaki nje zaidi ya milimita moja. Tundu la kifaa kinachoishi kati ya vitambaa halikuwa na budi kujaa nyuzi. Akalisafisha.

Kusafisha huanza kwa kuzima kishikwambi kabisa, si kuzima kioo tu, na kuchomoa waya. Chombo ni kijiti cha meno cha mti au cha plastiki. Kwa kawaida kijiti kizima ni kinene mno, hivyo kichongwe kwa wembe mpaka kiwe bapa na chembamba. Kishikwambi kishikwe tundu likitazama chini, ili kinachotoka kianguke. Kijiti kipitishwe katika nafasi iliyo kati ya ulimi na ukuta wa chuma, kifike chini, kisha kivutwe kuelekea nje kana kwamba kinakwangua. Kisisukumwe kwenda ndani, na kisitumiwe kama wenzo dhidi ya ulimi, kwa kuwa unene wake haufiki hata milimita moja. Pembe mbili za kulia na kushoto ndizo zinazoficha uchafu mwingi. Kazi hurudiwa mpaka kijiti kitoke kitupu, na kichwa cha waya kishuke hadi kubana.

Sindano, pini na klipu za karatasi zisitumiwe. Wengine hudai wamezitumia miaka mingi bila madhara, na yawezekana. Lakini chuma kikikwaruza vijistari vya ulimi au kuviunganisha, kazi ya kijiti hugeuka kuwa kazi ya kubadilisha tundu. Kupuliza kwa mdomo nako hupeleka mate ndani. Maji na mafuta ya kulainishia vyuma havina nafasi hapa.

Kilichotoka katika kishikwambi cha mshonaji kilikuwa bonge la nyuzi za rangi tatu, dogo kuliko punje ya mchele. Waya uliingia wote, ukabana, na chaji ikashika bila roli la uzi. Kwa wengi habari ingeishia hapa. Yeye alifanya jambo jingine la busara: aliuacha waya ukichaji, akauinua kidogo kwa kidole. Chaji ikakatika. Akauachia, ikarudi. Akajaribu kwa waya wa jirani, ikawa vilevile. Roli lile, kwa miezi miwili, lilikuwa limeusukuma waya juu usiku kucha, na tundu likaanza kuachia kibao chake. Uchafu ulileta tatizo la kwanza. Dawa aliyoitumia ikaleta la pili.

Hali kama hiyo isiendelezwe kwa kutafuta kitu kingine cha kuegemeza. Umeme unapopita mahali panapogusana kwa shida, hapo hupata joto, na joto hilo huweza kuyeyusha plastiki ya tundu na ya kichwa cha waya. Kichwa cha waya kikiwa cha moto kiasi cha kuungua vidole, kikibadilika rangi au kutoa harufu ya kuungua, waya uchomolewe kutoka ukutani mara moja na kishikwambi kisichajiwe tena kabla ya kutengenezwa. Kisiwekwe chaji kitandani wala chini ya mto. Ikiwa mgongo wa kishikwambi umevimba, hilo ni tatizo la betri, na ni la haraka zaidi kuliko la tundu.

Kwa kazi ya kubadilisha, swali la kwanza kwa fundi ni hili: je, katika kishikwambi cha toleo hili tundu liko juu ya kibao chake kidogo, au limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu? Likiwa kwenye kibao chake, fundi huchomoa kibao kizima na kuweka kingine. Likiwa kwenye bodi kuu, lazima alitoe kwa hewa ya moto na kulehemu jipya, kazi inayotaka mkono mzoefu, kwani joto likizidi bodi huharibika. Gharama ya kazi hizi mbili haipaswi kuwa sawa. Fundi asiyeweza kujibu pengine hajawahi kukifungua kishikwambi cha aina hiyo.

Swali la pili linahusu kioo. Vishikwambi vingi hufunguliwa kwa kupasha joto gundi ya kioo na kukibandua, na hapo ndipo kioo kizima huweza kupasuka. Bei ya kioo huweza kuwa kubwa kuliko ya tundu mara kadhaa. Makubaliano ya nani atabeba hasara hiyo yafanywe kabla, na yaandikwe. Sentensi chache juu ya risiti zatosha: kwamba kioo kilipokewa kikiwa kizima, kwamba kikipasuka wakati wa kazi fundi atakirudisha, kwamba tundu jipya lina dhamana ya siku kadhaa zilizotajwa, na kwamba kipuri cha zamani kitarudishwa kwa mwenyewe. Mshonaji alipoomba maneno hayo, fundi wa kwanza alikataa kuyaandika. Wa pili aliyaandika, akadai shilingi 5,000 zaidi. Kwa maoni yetu, fedha hizo zilikuwa na thamani yake.

Ikiwa dhamana ya muuzaji bado ipo, kishikwambi kirudishwe kwake kwanza, kwa maana kufunguliwa na fundi mwingine kwaweza kuiondoa. Kishikwambi kilichotolewa na mwajiri au shule si cha kupelekwa kwa fundi wa mtaani bila idhini ya mwenye mali.

Nywila haihitajiki kwa kazi hii, kwani alama ya chaji huonekana hata kishikwambi kikiwa kimefungwa. Laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe kabla ya kukikabidhi.

Wakati wa kukichukua, mlaji achomeke waya wake mwenyewe, kwanza upande mmoja kisha wa pili, auinue na kuushusha kidogo, na asubiri kama dakika 15 aone asilimia ikipanda. Arekodi pia sauti yake na kuisikiliza, kwa sababu katika baadhi ya vishikwambi kipaza sauti kipo juu ya kibao kilekile cha tundu. Malipo ya mwisho yafuate baada ya hayo.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kusema kwamba kipuri kimebadilishwa ilhali tundu lilisafishwa tu ni upotoshaji wa aina hiyo. Anayetaka kulalamika awe na risiti, maandishi ya makubaliano na kipuri cha zamani. Ndiyo sababu kipuri hicho, ingawa hakina kazi tena, huombwa kirudishwe.